Mnyororo wa Drifti na Zamu Niliyokataa Kuipokea

Siku hizi, anayemaliza zamu katika chumba chetu haulizwi kwanza ni tahadhari zipi zilizo wazi. Huulizwa: umemwambia nani nini? Wafanyakazi walioajiriwa karibuni hudhani ni ukali wa uzee wangu, nami sijihangaishi kuwaeleza. Swali hilo lina kaburi lake, na kaburi hilo liko upande wa Matombo, chini ya migomba.

Nimetumia maisha yangu ya utumishi kupima mito. Nilipostaafu, mradi mmoja wa tahadhari za mafuriko uliniomba nikae katika chumba chake cha ufuatiliaji hapa mjini Morogoro, kwa kuwa vifaa vilikuwa vipya lakini mito ni ile ile. Milimani Uluguru tumefunga vituo vinavyopima mvua na vingine vinavyopima kina cha maji. Kila kituo hutuma vipimo vyake kwa mtandao wa simu, na kompyuta yetu huvilinganisha na alama zilizowekwa. Maji yakivuka alama, tahadhari hufunguka na simu ya zamu hulia. Mwenye simu hiyo ndiye mwenye mito yote mpaka atakapoikabidhi.

Kukabidhi kulikuwa na utaratibu, na utaratibu huo niliuweka mimi. Anayeondoka haondoki kitini. Anasoma tahadhari iliyo wazi, anasema nini kimefanyika na nini kimebaki, anayeingia anarudia kwa maneno yake mwenyewe, kisha anasema, "Nimepokea." Jambo lisilosemewa neno hilo bado ni la aliyeketi. Nilikuwa nimeona huko nyuma, katika ofisi za serikali, jinsi kazi inavyoanguka katikati ya watu wawili waungwana, kila mmoja akiamini kwamba mwenzake ameishika.

Kati ya watu tuliowapigia simu, yule niliyemthamini zaidi alikuwa mlinzi wa drifti. Drifti ni njia ya zege iliyolazwa chini kabisa, ambayo mto hupita juu yake. Kiangazi unaivuka bila kulowesha tairi, masika inakuua. Hiyo ya kwetu iko mbele ya Matombo, kwenye barabara mbovu inayotelemsha ndizi, machungwa na viungo kutoka vijiji vya juu. Kila upande kuna nguzo mbili za chuma na mnyororo. Tulikubaliana naye kwamba minyororo ipandishwe kwa neno letu na ishushwe kwa neno letu. Sababu ni kwamba pale drifti maji husema uongo. Mafuriko huzaliwa juu, kwenye miteremko, wakati huku chini jua linawaka na mto unaonekana mpole. Kituo chetu cha kina kiko juu sana ya drifti kwa sababu hiyo hiyo: kione kabla ya macho ya watu.

Mlinzi alikuwa rika langu, Mluguru, mkulima wa migomba na mdalasini. Watu wa kwetu na Waluguru ni watani, na yeye hakuniachia siku moja bila kudai haki yake.

"Hujafa tu, mtani?" ndivyo alivyokuwa akiipokea simu.

"Bado."

"Fanya haraka. Nimekuandalia mahali chini ya mgomba. Watu wa kwenu kuzika hamjui, mnachimba kama mnatafuta maji."

"Utatangulia wewe, nije nikucheke mbele ya mkeo. Mnyororo?"

"Uko juu. Mwenye haraka ametukana, amechoka, sasa anakula ndizi za watu hapa kivulini."

"Na maji?"

"Ya huku hayana la kusema. Sema wewe mwenye macho huko juu."

Katika miaka yote hiyo hakuwahi kufungua kwa sababu ya alichokiona yeye, wala kwa sababu ya dereva aliyeshuka na kusema, "Nimeambiwa njia imefunguliwa." Angemwuliza dereva: umeambiwa na nani, lini, na huyo aliyekuambia aliona nini? Nilipenda kusikia hivyo. Wengi huamini kwamba jambo likisemwa na watu watatu limekuwa kweli. Yeye aliniamini mimi na wenzangu kwa sababu tulikuwa na kipimo, na alitii neno letu kama alivyotii kengele ya misheni.

Asubuhi ninayoieleza ilikuwa ya masika. Mjini kulikuwa na manyunyu tu, lakini milima ilikuwa imefunikwa mpaka miguuni. Nilipoingia, mhandisi aliyekuwa zamu usiku alikuwa ameketi kitini, viatu vimeshafungwa, begi limesimama kando ya mguu wake. Alikuwa mtu mzima mwenye shahada nzuri, mwepesi wa kompyuta kuliko yeyote kati yetu. Baba yake mdogo alikuwa amefariki, na mazishi yalikuwa siku hiyo hiyo huko Gairo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Pole na msiba."

"Ahsante. Basi linaondoka sasa hivi, mzee, kwa hiyo nitakuwa mfupi."

"Kuwa kamili. Ufupi utafuata."

Alitabasamu kwa uchovu. Jambo la kwanza: kituo cha mvua cha Kinole kilikuwa kinaonya kwamba betri yake inadhoofika, fundi wa vituo alishapewa betri mpya, aipeleke mvua ikipungua. Nikarudia. Nimepokea. Jambo la pili: kituo kimoja cha bonde la upande mwingine kilitoa kipimo kisichowezekana, labda uchafu umekaa kwenye kihisio; fundi akikague baada ya Kinole. Nikarudia. Nimepokea.

"Basi," akasema, akishika begi.

"Na mto wa drifti? Nimeona kwenye simu yangu kwamba tahadhari ilifunguka usiku."

"Ilifunguka. Nilimpigia mlinzi, akapandisha minyororo. Alfajiri ikajifunga. Maji yameshuka."

"Nani ameyaona yakishuka?"

"Mzee, mfumo umeifunga."

"Mfumo hauna macho. Nionyeshe mstari."

Akaufungua mchoro wa vipimo vya kituo. Usiku mstari ulipanda ukavuka alama nyekundu, ukakaa juu, ukaanza kuinama kidogo. Kisha, kabla ya kuifikia alama, ukaisha. Baada ya hapo palikuwa peupe mpaka ukingoni mwa kioo.

"Huu haukushuka," nikamwambia. "Umekatika."

Hapa yafaa nieleze, kwa maana ndipo penye kosa. Kanuni ya tahadhari ya kina ilitazama jambo moja tu: je, kuna kipimo kilichozidi alama? Kituo kikinyamaza, hakuna kipimo. Pasipo kipimo hakuna kilichozidi. Tahadhari hujifunga yenyewe na rangi huwa ya kijani. Tulilijua hilo tangu mwanzo, na kwa hiyo tuliweka tahadhari ya pili, iliyoitwa kituo kimya, ilie pale vipimo vinapokoma. Lakini mnara wa simu wa upande ule ulikuwa ukizimika na kuwaka ovyo wiki ile, kituo kimya kikawa kinalia kila mara bila sababu ya maana, na mhandisi alikuwa ameinyamazisha tahadhari hiyo mpaka mwisho wa wiki. Alikuwa na ruhusa ya kufanya hivyo. Ukurasa wetu wa makabidhiano ulionyesha tahadhari zilizo wazi. Zilizonyamazishwa haukuzionyesha. Basi ya kwanza ilikuwa imejifunga kwa upofu, na ya pili, iliyowekwa kuuona upofu huo, ilikuwa imefungwa mdomo.

"Ni mnara tu, mzee," akasema. "Na maji yalikuwa yameshaanza kushuka, unaona mwenyewe."

"Naona kwamba yalikuwa juu ya alama mara ya mwisho yalipopimwa. Baada ya hapo mimi sijui, na wewe hujui. Tahadhari hii iko wazi."

"Sawa. Iwe wazi."

"Mpigie mlinzi."

Akapiga. Sauti ya mwanamke wa kampuni ya simu ikatuambia kwamba mteja hapatikani. Akapiga tena, ikawa vile vile. Akatazama saa, akanitazama mimi.

"Mzee, wanamzika leo. Hawatanisubiri."

"Nenda ukazike. Lakini hili sijalipokea."

"Si umelisikia lote?"

"Nimelisikia. Sijalipokea mpaka nipate mtu aliyeyaona maji."

Akasimama na begi lake. Hakuwa na hasira. Alikuwa na uso wa mtu ambaye akili yake imeshapanda basi. Mlangoni aligeuka kana kwamba anataka kusema neno, akasema tu, "Utanisamehe, mzee." Nikadhani anaomba radhi kwa kuinuka kitini kabla ya wakati.

Niliifungua tahadhari upya kwa mkono wangu. Kinole, ambako mnara ulikuwa mzima, mvua ilikuwa inapimwa bila kupumzika. Nikampigia fundi wa vituo, ambaye nyumba yake haiko mbali na Matombo, nikamwambia aache betri, achukue pikipiki, aende drifti akaniambie anachokiona. Nikampigia mwenyekiti wa kijiji. Hakupatikana, kwa kuwa mnara ni ule ule. Nikaendelea kumpigia mlinzi, na kila mara nikaambiwa hapatikani.

Sikuwa na hofu kubwa. Nilijiambia: neno halijamfikia, na bila neno mtu huyu hafungui. Kutopatikana kwake nilikuhesabu kuwa usalama wake. Hesabu hiyo ilikuwa sahihi kwa yale niliyokabidhiwa.

Simu ya zamu ililia. Alikuwa mhandisi, na nyuma ya sauti yake nilisikia injini ya basi na redio.

"Mzee, mnara umerudi?"

"Kwa nini unauliza?"

"Nimepata ripoti sasa hivi. Ujumbe wangu umefika."

"Ujumbe gani?"

"Ule wa alfajiri. Nilipoona imejifunga nilimpigia, hakupatikana, nikamwandikia kwamba maji yameshuka, afungue. Haukwenda. Niliusahau, mzee. Kwangu lilikuwa jambo lililokwisha, ndiyo maana sikulitaja."

Alipokuwa bado anasema, kioo kilibadilika mbele yangu. Kituo kilikuwa kimerudi pamoja na mnara. Kifaa kile hakikuwa kimelala. Kiliendelea kupima na kuhifadhi, na sasa kilituma kila kilichopima kwa mkupuo, pengo jeupe likajazwa kutoka kushoto kwenda kulia. Mstari uliinama kidogo, kama alivyosema mhandisi. Kisha uligeuka, ukapanda, ukapita mahali ulipokuwa usiku, na ulikuwa bado unapanda.

Nilikata simu yake, nikampigia mlinzi. Safari hii iliita. Iliita muda mrefu, kisha ikakatika. Sijui ilikatika kwa nini, na sitabuni. Nikapiga tena, hakupatikana. Nikapiga tena.

Aliyenipigia ni fundi. "Mzee, nimefika. Mnyororo uko chini."

"Mlinzi yuko wapi?"

"Watu wanapiga kelele ng'ambo. Sielewi wanasema nini."

"Usiniambie wanayosema. Tazama, kisha uniambie unachokiona."

Nikamsikia akihema. "Pikapu imelala ubavu katikati ya maji. Ndizi zinakwenda na mto. Watu wako kwenye ukingo, wamelowa, mmoja mama. Mzee wetu simwoni."

"Tazama tena."

"Natazama, mzee. Simwoni."

Jioni ile ile dereva wa mradi alinipeleka, na yale nitakayoyaeleza niliyasikia kutoka kwa waliokuwamo, kila mmoja peke yake, na nimeandika yale waliyokubaliana, na walipopishana nimetaja nani alisema nini. Maji pale drifti yalikuwa yamepungua kweli tangu alfajiri, na pikapu ya ndizi ilikuwa imesubiri tangu usiku. Dereva wake alikuwa amemsihi mlinzi, kisha amemtukana, na mlinzi hakufungua. Kisha simu ya mlinzi ikatoa mlio. Akaisoma akiishika mbali na macho, kama tunavyofanya sisi wazee. Akasema, "Sasa wamesema," akaenda kushusha mnyororo, akavuka akiwa na kamba begani kushusha na ule wa ng'ambo, kama ilivyokuwa desturi yake kutangulia kwa miguu. Pikapu ilizimika katikati. Maji yalipanda ghafla, ya rangi ya udongo, yakileta magogo. Angeweza kubaki ng'ambo. Alirudi na kamba, akamfunga mama aliyekuwa juu ya ndizi, wakavutwa na watu wa ukingoni. Akarudi kwa dereva, akamsukuma kuelekea kwenye kamba. Gogo lilikuja wakati huo. Mama alisema aliliona likimchukua. Dereva alisema hakuona kitu, alisikia tu kishindo.

Walimpata chini sana, kwenye mianzi, siku mbili baadaye.

Kabla hajazikwa maneno yalikuwa yameshazaliwa, kama kawaida. Nilipofika msibani, kikundi cha wanaume karibu na uzio kilikuwa kinajadili.

"Alipewa mkungu, ndiyo maana akafungua," alisema mmoja.

"Mimi nimesikia ni wanzuki," alisema mwingine. "Mvua ile, mzee wa watu angekunywa nini?"

Nikasimama mbele yao. "Nani kati yenu alimwona akipokea mkungu?"

Nikamgeukia yule wa pili.

"Nani alimwona na wanzuki?"

"Mzee, ndivyo inavyosemwa," akasema yule wa kwanza, kwa upole wa mtu anayemtuliza mgonjwa.

"Mnyororo ule ulishushwa kwa neno letu. Lakini mimi sikuuona ujumbe huo, niliambiwa. Sitawajibu uvumi kwa uvumi. Anayejua yuko njiani."

Kwa kweli sikuwa na hakika kwamba yuko njiani. Nilikuwa nimempigia mhandisi huko Gairo, nikamwambia siku ya maziko, wala sikuongeza neno. Alikuja. Alikuja na nguo zile zile za msiba wa kwao, vumbi la barabara ya Dodoma likiwa bado kwenye suruali yake, akapita katikati ya watu bila kunitazama. Akapiga goti mbele ya mjane, aliyekuwa ameketi mkekani na wanawake wenzake.

"Mama, mimi ndiye niliyemwambia afungue. Niliona kwenye kompyuta kwamba maji yameshuka. Hayakuwa yameshuka. Yeye alinitii tu."

Alisema kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye uzio. Wanawake waliacha kuimba. Mjane alisogea mbele kwenye mkeka.

"Hakupewa kitu?"

"Hapana, mama."

"Hakuwa amekunywa?"

"Sikuwepo, mama. Lakini alifungua kwa sababu yangu."

"Basi," akasema mjane. Hakumwambia amemsamehe, na mhandisi hakuomba. Alibaki pale amepiga goti mpaka wanawake wakamsogezea mkeka. Mwezi ule ule aliacha kazi. Nilimwandikia barua ya sifa kuhusu kazi zake nyingine, kwa kuwa zilistahili.

Kisha mjane akaniita mimi.

"Mtani."

"Nipo, mama."

"Mbona umekaa kama mgeni? Alisema akitangulia utakuja umcheke mbele yangu. Siku zote aliniambia."

Ni haki ya mtani, na ni wajibu wake pia, kuingia msibani na kumwiga marehemu, kumtania, kuzuia hata jeneza lisitoke mpaka kilio kichanganyike na kicheko. Nimewahi kufanya hivyo kwa wengine na nikafanya vizuri. Watu walinisogelea wakisubiri. Hata wale wa kwenye uzio walikuja.

Nikashika fimbo yangu sikioni kama simu, nikaikunja sauti iwe yake. "Hujafa tu, mtani?"

Mtu mmoja akaanza kucheka. Nilitakiwa nijibu kwa sauti yangu, kisha nirudi kwenye sauti yake, twende hivyo mpaka waangue kicheko wote. Nilisubiri jibu langu. Halikuja. Nilisimama pale na fimbo sikioni, mzee wa watu, mpaka yule aliyecheka akanyamaza, na mjane akasema taratibu, "Teremsha mkono, mtani. Tumekusikia."

Tukamzika chini ya migomba, mahali alipodai kuniandalia mimi.

Sasa ukurasa wa makabidhiano huanza na zilizonyamazishwa, kila moja na jina la aliyeinyamazisha na sababu yake. Mstari ukikatika, tahadhari ya kina haijifungi tena. Hugeuka kijivu na kubaki wazi. Na ujumbe haufungui mnyororo: ni lazima sauti kwa sauti, na mlinzi arudie. Mlinzi wa sasa ni mpwa wa marehemu, mtu makini, asiye na mzaha. Jana asubuhi nilipoingia zamuni nilimpigia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mnyororo?"

"Uko juu, mzee."

"Umeuona mwenyewe?"

"Nimeushika, mzee. Ni wa baridi."

Nikarudia aliyoyasema. Kisha nikamgeukia mwenzangu aliyekuwa bado ameketi kitini, nikamwambia nimepokea.